Kazi imefutwa mkanda ukiwa bado mbichi

*"Shikamoo mzee. Nilichukua ufundi wa nyumba ya vyumba vitatu Goba, kuanzia msingi hadi mkanda wa juu, kwa 6,000,000, vifaa vyote vya mwenye nyumba. Nimeshapokea 2,500,000. Juzi tumemwaga mkanda wa lenta. Jana jioni kanipigia simu anasema simamisha, kazi basi. Vijana wananidai, na mbao na mirunda yangu yote iko pale kwenye mkanda. Nibebe vitu vyangu niondoke, au nifanyeje?"*

Marahaba, fundi. Usibebe vyote, na usiondoke kabla hujapima. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyowaponza mafundi wengi kazi inapofutwa njiani. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Dar imekuwa kuitwa kwenye nyumba zilizokwama, fundi na mwenye nyumba wakiwa hawasemeshani, nitafute ukweli kwa futi kamba. Mara nyingi nakuta fundi ana haki, lakini ushahidi wa haki hiyo umeshafunikwa na tofali za fundi aliyekuja baada yake.

Tuanze na mbao, kwa sababu zege halisubiri mazungumzo.

Mkanda wako una siku mbili. Mbao za pembeni unaweza kuzitoa hata leo, maana kazi yake ilikuwa kuzuia zege lisimwagike, na baada ya siku moja zege la mkanda linasimama lenyewe. Mahali mkanda ulipolala juu ya ukuta, chini yake hakuna ubao, kuna tofali, kwa hiyo hapo hakuna cha kuogopa. Hatari iko kwenye matundu tu, yaani juu ya milango na madirisha, ambako zege linaning'inia na kilichoshika uzito wote ni ubao wa chini na mirunda iliyousimamisha. Hizo usiguse. Kwa mkanda wa nyumba ya kawaida ambao hakuna mtu aliyepeleka zege maabara, tunaacha mirunda siku 14 tangu kumwaga. Baada ya siku 7 zege lililomwagiwa maji vizuri huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu linayotarajiwa kuwa nayo siku ya 28, na kama mfuko wa saruji uliotumia umeandikwa 32.5 badala ya 42.5, mwendo wake ni wa polepole zaidi. Kwa hiyo umebakiza siku 12.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu matundu huwa kumi na kitu. Ukihesabu utaona kwamba mbao unazolazimika kuziacha ni sehemu ndogo ya zile ulizozipeleka. Chukua za pembeni, ziandike, zilizobaki ziandike pia, tundu kwa tundu: mlango wa mbele ubao mmoja na mirunda miwili, dirisha la sebule ubao mmoja na mirunda mitatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Orodha hiyo tutaihitaji baadaye.

Nakusisitizia hili kwa sababu nililifanya vibaya mwenyewe. Kabla sijaenda kusomea ukadiriaji nilikuwa fundi, na huko Mbagala mwenye nyumba mmoja alinifutia kazi siku ya tatu baada ya kumwaga. Nilikuwa nimekasirika. Nikang'oa mirunda yote nikapakia kwenye mkokoteni. Juma lililofuata mkanda juu ya dirisha la sebule ukawa na ufa katikati, upande wa chini, na umelegea unauona kwa macho. Aliwaita wazee wa mtaa wakaja kuutazama. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari za msingi niliochimba wala kuta nilizosimamisha. Kila nikidai, jibu lilikuwa ule ufa. Sikulipwa hata senti, na wazee wale hawakukosea: mkanda ulikuwa mbovu na mimi ndiye niliyeuharibu.

Pamoja na mirunda kuna maji. Mkanda unataka kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7, na kwa jua la Dar afadhali uufunike na magunia au mifuko ya saruji iliyopasuliwa ili unyevu usikimbie. Umeshamaliza siku mbili, zimebaki tano. Nani atamwagia kama vijana wameondoka? Mwambie mwenye nyumba waziwazi: ama mlinzi wake afanye, ama umwache kijana mmoja kwa malipo ya siku anayoyalipa yeye. Usifanye bure kimyakimya, na usiache bila kusema. Ukisha sema, na ujumbe upo, zege likipasuka kwa ukavu halitakuwa lako.

Nondo za nguzo zilizochomoza juu ya mkanda zipake uji mzito wa saruji kwa brashi. Upepo wa pwani una chumvi, na nyumba iliyokwama mwezi haikawii kukwama mwaka. Uji huo unachelewesha kutu, nao hautumii hata nusu mfuko. Usizikunje nondo ili zisichome watu. Nondo iliyokunjwa kisha ikanyooshwa imepoteza uaminifu wake. Zivalishe vichwani vipande vya bomba au chupa za maji. Na kama ulishachimba shimo la choo, lifunike kwa mbao leo hiihii kabla jua halijazama, maana watoto wa jirani hawajui kwamba kazi imefutwa.

Naongeza jambo ambalo kwako limepita lakini mwingine litamkuta. Simu ya namna hii ikikukuta katikati ya kumwaga, zege likiwa linapanda kwenye ndoo, usiwaambie vijana washushe koleo pale pale. Mwambie mwenye nyumba unamaliza hadi mahali pa kukatia, kisha mtaongea. Mkanda au boriti haukatwi juu ya nguzo wala ukingoni mwa tundu. Unakatwa karibu na katikati ya nafasi kati ya mihimili miwili, na kwa wima, umeweka kipande cha ubao ili zege lisimame kama ukuta badala ya kuteremka kama mchanga. Hapo katikati nguvu ya kukata ni ndogo, na kiungo kati ya zege la zamani na jipya hakitabebeshwa mzigo kisichouweza. Nusu saa ya kubisha na mwenye pesa ni afadhali kuliko kiungo kibovu kitakachokaa ndani ya nyumba miaka yote.

Sasa rudi kwenye ile simu. "Simamisha" na "kazi basi" ni maneno mawili tofauti, naye ameyasema kwa pumzi moja. Kusimamisha maana yake mkataba upo, kazi imelala, mtarudi. Kufuta maana yake mkataba umekwisha na mnafunga hesabu. Hasara zake hazifanani. Ukidhani umesimamishwa, utawaweka vijana mtaani wakingoja, na siku hizo za kungoja utakuja kuzidai kwa mtu ambaye kichwani mwake alishakufuta. Muulize aandike. Simu haibaki, ujumbe unabaki, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi. Mtumie maneno ya namna hii leo, bila ukali:

"Shikamoo bosi. Jana jioni ulinipigia ukaniambia kazi ya Goba isimame. Naomba unijulishe kama ni kusimama kwa muda, na hadi tarehe gani, au kazi imefungwa kabisa, ili niwape vijana jibu. Mirunda ya juu ya milango na madirisha inabaki hadi zege litimize siku 14. Mkanda unahitaji maji siku 5 zaidi, naomba mlinzi amwagie asubuhi na jioni. Jumamosi saa 3 asubuhi nitakuwepo kupima kazi iliyofanyika, naomba uwepo au utume mtu wako."

Asipojibu, ujumbe wako bado umefanya kazi. Umesema ulichoelewa, umesema zege linahitaji nini, umetaja siku na saa ya kupima.

Na muulize sababu. Pesa ikiwa imekatika ni jambo moja. Lakini kama ukuta umechorwa alama ya X nyekundu na watu wa manispaa, hapo si yeye aliyekusimamisha, ni kibali, na hata yeye akibadili mawazo kesho akakwambia endelea, usiweke tofali hata moja hadi uione karatasi ya kibali kwa macho yako. Kumwagia maji na kufunika shimo ni usalama, si ujenzi. Mwelezeni afisa hivyo. Deni lako kwa kazi iliyofanyika kabla ya alama hiyo liko palepale.

Vijana waambie leo. Wewe ndiye uliyewaajiri, kwa hiyo wanakudai wewe, hawamdai mwenye nyumba, na deni lao halingojei lako lilipwe. Keti nao, andika jina na siku za kila mmoja hadi jana, kila mtu aone mstari wake. Mwenye siku nyingi asiondoke na neno "tutaonana". Kama huna pesa, mpe tarehe na kiasi. Kijana anayejua anadai 84,000 na atalipwa lini atakuja Jumamosi kukushikia futi, na asiyejua ataenda kumwambia mwenye nyumba kwamba wewe umekula pesa.

Tufike kwenye kupima, ambako ndiko pesa yako ilipo.

Jumamosi uwe na futi kamba, daftari, simu yenye chaji, mwenye nyumba au mtu wake, na shahidi asiye wa upande wowote. Mjumbe wa shina anafaa sana, au jirani anayeheshimika. Mwenye nyumba asipokuja, subiri saa moja, kisha pima na mjumbe, asaini, na umtumie picha ya karatasi siku hiyohiyo. Piga picha kila chumba kutoka pembe mbili, futi ikiwa imenyooshwa ukutani ionekane. Msingi hauonekani tena, kwa hiyo tafuta picha zako za zamani za siku ya kumwaga na uzitenge. Ujumbe wa malipo ya simu wa zile 2,500,000 nao uutenge. Anayeonyesha mwenyewe alichopokea huaminiwa anapotaja asichopokea.

Tofali zihesabu kwa kozi. Hapa mafundi wengi wanajiharibia bila kujua. Ile kanuni ya tofali 10 kwa mita moja ya mraba ni ya kununulia, ina ziada ya zinazovunjika njiani. Tofali la inchi 18 kwa 9, ukijumlisha na udongo wa saruji katikati, linakaa kati ya 8 na 9 kwa mita ya mraba. Ukidai kwa 10, mwenye nyumba akatuma mtoto wake ahesabu, atakuta pungufu, na baada ya hapo hata ukweli wako ataupima mara mbili. Hesabu tofali za kozi moja, zidisha kwa idadi ya kozi, kisha toa matundu: pale pa mlango kozi zote, pale pa dirisha zile kozi za kimo chake tu.

Kisha bei. Wewe ulipatana kwa mkupuo, 6,000,000, bila kugawa kwa hatua, nami nadhani hilo ndilo litakaloleta ugomvi. Mwenye nyumba atasimama nje, atazame, aseme nyumba imefika nusu, basi nusu ya 6,000,000 ni 3,000,000, umeshachukua 2,500,000, nikupe 500,000 tuachane. Kwa macho inasikika haki. Lakini nyumba haigharimu jasho sawasawa kutoka chini hadi juu. Kazi nzito kuliko zote iko ardhini, ambako macho hayafiki.

Kwa hiyo igawe ile bei uliyopatana, hatua kwa hatua, kwa uzito wa jasho la kila moja, na jumla irudi 6,000,000 kamili. Usipandishe bei ya hatua zilizokwisha ili ushushe zilizobaki. Mkadiriaji yeyote ataiona hila hiyo mara moja. Mimi sijaiona nyumba yako, lakini kwa nyumba za aina hiyo mgawanyo ungekaa karibu na hivi. Kuchimba, zege la msingi, tofali za msingi na mkanda wake wa chini 1,700,000. Kujaza kifusi, kushindilia na jamvi 900,000. Tofali kutoka jamvi hadi lenta, tuseme 1,400 kwa 700 kila moja, ni 980,000. Nondo, boksi na zege la mkanda wa lenta 900,000. Tofali za juu ya lenta 600 kwa 700 ileile, 420,000. Mkanda wa juu na boksi lake 1,100,000. Jumlisha, inarudi 6,000,000.

Sasa weka kilichofanyika. Msingi umekwisha, 1,700,000. Jamvi limekwisha, 900,000. Tuseme Jumamosi mnahesabu tofali na kukuta 1,300 badala ya 1,400, kwa sababu ukuta mfupi wa baraza hamkuufikia: 1,300 mara 700 ni 910,000. Mkanda umemwagwa, lakini kuvua boksi na kumwagia maji bado, na hiyo ni kazi iliyo ndani ya bei yake. Mimi ningekata sehemu moja ya kumi, ibaki 810,000. Ukirudi kuvua mwenyewe baada ya siku 14, hiyo 90,000 inarudi kwako. Jumla ya kazi iliyofanyika ni 4,320,000. Toa 2,500,000 uliyopokea, unadai 1,820,000.

Tazama tofauti hiyo. Kwa hesabu ya macho ungeondoka na 500,000. Kwa hesabu ya kupima ni 1,820,000, na hujamwibia mtu, kila shilingi ina mahali inapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Lakini kisu kinakata pande zote. Kama ungekuwa umeshapokea 5,000,000, hesabu hiihii ingesema wewe ndiye unayedaiwa 680,000, na ungepaswa kuzirudisha. Na kama kuna ukuta uliopinda, usingoje aseme yeye. Weka timazi mbele yake, mkubaliane gharama ya kuurekebisha, ikatwe. Kasoro ikatwe kwa gharama ya kuirekebisha, isiwe kisingizio cha kufuta hesabu yote.

Nje ya kazi iliyofanyika kuna mambo mawili mengine. La kwanza ni mbao na mirunda iliyobaki kwenye matundu. Ni mali yako inayomfanyia kazi yeye, baada ya yeye kufuta mkataba. Ama azinunue, ama alipe ukodi wa siku 12, ama asaini orodha kwamba atakulindia na utazichukua tarehe fulani. Mimi hupenda kuuza, kwa sababu mbao zilizoachwa kwenye nyumba isiyo na mtu hupungua zenyewe. La pili ni faida uliyoikosa. Kazi iliyobaki ni ya 1,680,000. Kama kuwalipa vijana wa kuimaliza kungekula 1,350,000, wewe ungebaki na 330,000. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa fidia aliyevunjiwa mkataba kwa hasara inayotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko, kwa hiyo si ndoto kuidai. Lakini sheria hiyohiyo inaangalia kama ulikuwa na njia ya kupunguza hasara yako. Ukipata kazi nyingine Kinyerezi juma lijalo, sehemu kubwa ya 330,000 imeyeyuka. Ushauri wangu: iandike kwenye karatasi kama mstari wa mwisho, uitenge na kazi iliyofanyika, na uwe tayari kuiachia akilipa 1,820,000 ndani ya mwezi. Mtu aliyepungukiwa na pesa akiona fundi ameachia kitu, naye huona haya kukwepa kilichobaki.

Vifaa vyake vilivyo eneo la kazi virudishe kwa orodha. Mifuko ya saruji mingapi, nondo vipande vingapi na vya unene gani, kokoto na mchanga kwa makadirio. Saruji ipangwe juu ya mbao isiguse sakafu wala ukuta, na umwambie wazi kwamba kwa unyevu wa huku pwani ikikaa zaidi ya miezi mitatu isitumike kwenye nguzo wala mkanda. Yeye au mlinzi asaini kwamba amepokea. Bila saini hiyo, mfuko utakaoibwa mwezi ujao utaibwa na wewe.

Hukusema kama mliandikiana. Kama hamkuandikiana, usivunjike moyo: makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, shida yake ni kuyathibitisha tu, na ndiyo maana nakusisitizia ujumbe, malipo ya simu na mjumbe. Akikataa kabisa kulipa, anzeni serikali ya mtaa, mjaribu kusuluhishwa mbele ya mwenyekiti na ile karatasi ya vipimo. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya mikataba ya kiasi kama hiki, na mashauri yake yanaendeshwa kwa Kiswahili. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka 6, lakini usingoje hata mmoja. Fundi mwingine akipanda juu ya mkanda wako na kumaliza nyumba, atapiga lipu kuta zote, na hapo kozi zako hazitahesabika tena.

Kosa ninaloliona kila mara katika hatua hii ni fundi kufunga geti kwa kufuli lake, au kubomoa kozi mbili za juu "ili ajue". Usifanye. Tofali zilizokaa ukutani ni zake tangu ulipoziweka, alizinunua yeye. Ulichonacho wewe ni deni. Ukibomoa umegeuka kutoka mdai kuwa mshtakiwa, na hesabu nzuri ya 1,820,000 itasomwa kituo cha polisi.

Siku ya malipo ya mwisho atataka usaini kwamba humdai tena. Saini, lakini soma kwanza inasema nini. Iseme hivi: nimepokea kiasi fulani, ikiwa ni malipo ya mwisho ya kazi iliyopimwa tarehe fulani kama inavyoonekana kwenye karatasi ya vipimo, na mbao na mirunda yangu nimeshachukua au nimeshalipwa. Kama analipa kwa mafungu, isiandikwe "malipo ya mwisho" hadi fungu la mwisho liingie. Kila fungu liandikiwe stakabadhi yake na baki iliyosalia.

Na karatasi ya vipimo usiitupe hata baada ya kulipwa. Nyumba nyingi zilizokwama Goba na Chanika hufufuka baada ya mwaka au miwili, na mara nyingi mwenye nyumba humpigia fundi yuleyule. Akikupigia, hiyo ni kazi mpya kwa bei mpya, lakini utajua inaanzia kozi gani. Kabla ya kuweka tofali la kwanza sugua nondo zilizochomoza kwa brashi ya waya. Kutu ya unga inayotoka ikaacha chuma kizima si tatizo, lakini nondo inayobanduka magamba au yenye vishimo, mwite mhandisi aitazame. Juu ya mkanda kwaruza, fagia vumbi lote, lowesha maji, ndipo uweke udongo wa saruji. Safari hii andikianeni hatua kwa hatua, bei ya kila moja pembeni yake, na malipo yafuate hatua.